Mwaka wa miezi kumi na mitatu: Bonane ya Waethiopia inaangukia lini?



Juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa kikundi chetu. Binti yake anakaa Nairobi, na jirani yake pale ni mama Mwethiopia. Jirani alipompeleka mtoto wake kuandikishwa shule, kadi ya kuzaliwa ilisema 20/5/2010. Waliosoma wakahesabu tarehe 20 mwezi wa tano, mwaka 2010, wakashangaa: mtoto mdogo hivi, mbona miaka mingi hivyo? Mama wa watu akaonekana kama mwenye kudanganya. Lakini kadi haikudanganya. Ilihesabu kwa kalenda nyingine.

Waethiopia wana miezi kumi na miwili ya siku 30 kila mmoja, bila mmoja wa 31 wala wa 28. Siku zinazobaki wanaziweka mwishoni, katika mwezi wa kumi na tatu unaoitwa Pagume. Una siku tano tu, na kila mwaka wa nne una siku sita. Pagume ikiisha, mwaka mpya unaanza na mwezi wa Meskerem. Sikukuu hiyo ya mwaka mpya inaitwa Enkutatash, nayo inaangukia tarehe 11 mwezi wa tisa kwa kalenda yetu. Kama Pagume ilikuwa na siku sita, inasogea hadi tarehe 12, kama ilivyokuwa mwaka 2023. Kwa hiyo sisi tukiwa tunapeleka watoto shuleni na kungoja mvua za kwanza, kule mvua kubwa zinamalizika na maua ya njano yanafunika milima. Huo ndio mwanzo wa mwaka wao.

Hesabu ya miaka pia iko nyuma ya yetu. Wanahesabu tangu Kristo kama sisi, lakini wanafuata hesabu ya kale ya Wakristo wa Misri, iliyoweka kuja kwake baadaye kuliko hesabu ya Roma. Kwa hiyo, kuanzia Enkutatash hadi tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili, tunaongeza 7 kwenye mwaka wao. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza hadi Enkutatash nyingine, tunaongeza 8.

Sasa turudi kwenye kadi. Mwezi wa tano wa Waethiopia si mwezi wetu wa tano. Tuhesabu: Meskerem, Tikimt, Hidar, Tahsas, Ter. Wa tano ni Ter, unaoanza tarehe 9 mwezi wetu wa kwanza. Siku yake ya 20 ni tarehe 28. Tumekwisha kupita Bonane yetu, basi 2010 tunaongeza 8, tunapata 2018. Mtoto alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kwanza, 2018. Aliyesoma kadi haraka alimzidishia mtoto zaidi ya miaka saba!

Kuhakikisha, binti alimwuliza jirani swali moja: mtoto alizaliwa karibu na sikukuu gani? Akajibu: siku tisa baada ya Timkat. Timkat ni sikukuu ya ubatizo wa Bwana, 11 Ter, ambayo mwaka ule ilikuwa tarehe 19 mwezi wa kwanza. Ongeza tisa, unafika 28. Hesabu imekubali.

Noeli yao, Genna, nayo si tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili, ila tarehe 7 mwezi wa kwanza. Sababu ni hii: mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 alirekebisha kalenda ya zamani iliyokuwa imechelewa, akaondoa siku kumi. Kanisa la Ethiopia halikufuata. Tangu hapo tofauti imeongezeka hadi siku 13, kwa sababu kalenda mpya iliruka siku ya nyongeza mwaka 1700, 1800 na 1900. Ukihesabu siku 13 kutoka tarehe 25, unafika kwenye Genna.

Pasaka yao, Fasika, haina tarehe moja. Mwaka 2024 sisi tulisherehekea tarehe 31 mwezi wa tatu, wao tarehe 5 mwezi wa tano. Mwaka 2025 tukakutana wote, tarehe 20 mwezi wa nne.

Kwa hiyo, mama akikuletea karatasi ya Ethiopia, kwanza uliza imeandikwa kwa kalenda gani, kwa maana wengine huandika kwa kalenda yetu. Ukiona mwezi wa 13, jibu umelipata. Usipouona, uliza sikukuu iliyokuwa karibu, halafu ndipo uandike umri wa mtoto.