Thelathini Wenye Majibu Chanya, Kumi Wenye Virusi

Mshauri nasaha anapomweleza mjamzito kwamba kipimo cha haraka cha virusi vya ukimwi ni sahihi kwa asilimia 98, mama huyo huelewa kwamba majibu chanya yana uhakika wa asilimia 98. Mara nyingi mshauri mwenyewe huelewa hivyo. Sivyo, na kosa hili laweza kuvunja ndoa kabla ya kipimo cha pili kufanyika.

Asilimia hiyo inawahusu wasio na virusi. Katika kila mia moja kati yao, 98 hupata majibu hasi na wawili hupata chanya ya uongo. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hukikubali. Wawili kwa mia huonekana wachache, mpaka wahesabiwe.

Wachukuliwe wajawazito 1,000 wa kliniki za Musoma, Bunda na Butiama, na ikadiriwe, kwa mfano tu, kwamba 10 wana virusi. Kipimo kitawabaini wote 10, au karibu wote. Waliosalia ni 990, na wawili kwa kila mia yao ni takribani 20. Basi wenye majibu chanya ni 30, wenye virusi ni 10. Kati ya kila wanawake watatu walioonyeshwa mistari miwili, wawili hawana virusi. Kipimo hakikuharibika wala muuguzi hakukosea. Wasio na virusi ni wengi mno, hata sehemu yao ndogo huwazidi walioambukizwa.

Wapimwe sasa watu 1,000 ambao wenzi wao wanaishi na virusi, na ikadiriwe kwamba 300 wameambukizwa. Chanya za kweli ni 300, za uongo ni 14. Mistari ni ileile, maana yake imegeuka.

Wale 30 wakipimwa kwa kipimo cha pili, chanya za uongo hushuka kutoka 20 hadi chini ya moja. Lakini hesabu hii husimama tu iwapo kipimo cha pili ni cha aina nyingine, chenye antijeni tofauti. Kurudia kilekile si uthibitisho: kilichokidanganya mara ya kwanza kwenye damu hiyo bado kimo.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliwakuta na virusi takribani watu wazima 4 katika kila 100. Kadiri maambukizi yanavyopungua, ndivyo sehemu ya chanya za uongo inavyokua; kwa sababu hiyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza majibu chanya ya vipimo vitatu mfululizo kabla ya kuthibitisha maambukizi. Kutangaza jibu la kipimo cha kwanza kuwa ndiyo hukumu, eti kwa sababu foleni ni ndefu, hakuna utetezi. Asilimia zibaki maabara; chumbani mama aambiwe hivi: "Mama, kati ya wanawake 30 wenye jibu kama lako, huenda 10 tu ndio wenye virusi. Tunaendelea na kipimo cha pili sasa hivi."