Mbu wa Mombasa hajui kama wewe ni mwenyeji

Wapo wazee wetu hapa Queensbury, kaskazini-magharibi ya London, ukiwauliza kama wameanza dawa ya malaria kabla ya safari ya Mombasa au Tanga, wanacheka. "Mie nimezaliwa kule bwana, mbu wananijua." Maneno hayo hayo wanayo jamaa zetu wa Maskati na Dubai. Kwa maoni yangu, hakuna neno linalotuponza zaidi katika safari za kwenda kuwaona ndugu kuliko hilo.

Kinga ya malaria si kama kinga ya surua, kwamba ukiugua mara moja umemaliza. Mtu wa pwani anaipata kidogo kidogo, kwa kuumwa na mbu mwaka hadi mwaka, na hata hivyo haimzuii kuambukizwa, inampunguzia ukali tu. Akihama akakaa ugenini miaka kadhaa, inapungua sana, na mwili haumpi taarifa. Watoto waliozaliwa London hawajawahi kuwa nayo. Wa kwenu Ghuba ni vivyo hivyo: Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Imarati kuwa haina malaria tangu 2007, basi mtoto wa Sharjah angeipatia wapi kinga? Uingereza, Welisi na Ireland ya Kaskazini kwa pamoja ziliandika wagonjwa 2,004 wa malaria mwaka 2023, wote wameipata safarini, na wengi wao walikuwa wamekwenda kwao kuona jamaa. Mtalii anakunywa dawa yake. Ni sie tunaojiona wenyeji ndio tunaorudi na homa.

Tuchukue familia ya mfano. Baba, mama, bibi wa miaka 68, kijana wa miaka 15 na mtoto wa miezi 14. Wanaruka tarehe 25 Julai kwenda Mombasa, tarehe 4 Agosti wanavuka kwenda Zanzibar, tarehe 14 wanarudi London. Siku 21.

Kinachowasumbua wengi hapa ni kadi ya njano. Ukitoka Uingereza kwenda Kenya huulizwi chanjo ya homa ya manjano. Lakini Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, kwa hivyo ukitoka Mombasa ukaingia Zanzibar, pale uwanjani wana haki ya kukutaka kadi, na mtoto aliyetimiza mwaka mmoja anahesabiwa. Hata kusubiri ndege Nairobi zaidi ya saa 12 kunaingia humo. Kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, ikishaanza ni ya maisha. Sasa angalia kalenda ya yule mtoto wa miezi 14. Tuseme chanjo yake ya surua ilichelewa, akachomwa tarehe 10 Julai. Hizi mbili zote ni chanjo za vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na madaktari wa hapa wanataka wiki 4 kati yake, maana zikikaribiana mwili unaweza usizipokee sawasawa. Wiki 4 kutoka tarehe 10 Julai ni tarehe 7 Agosti, na siku hiyo mtoto tayari yuko Zanzibar! Ikibidi daktari anaweza kuzisogeza, lakini basi surua itabidi irudiwe baadaye. Familia hiyo hiyo ikipiga simu mwishoni mwa Mei, surua ikachomwa mwanzoni mwa Juni, mambo yote yanaingia bila ya mbio.

Bibi naye ana habari yake. Aliyefika miaka 60 ana hatari kubwa zaidi ya kudhurika na sindano ya homa ya manjano, na daktari akiona haimfai humwandikia barua ya kusamehewa aende nayo pamoja na pasi. Au wageuze safari: wakianza Zanzibar kwa kupitia Maskati au Dubai, hawakutoka nchi ya homa ya manjano, na kadi haidaiwi. Masharti ya Kenya wakiingia kutoka huko wayasome kabla ya kukata tiketi.

Sindano ya homa ya ini aina ya A na ya homa ya matumbo ni bure kwa daktari wa mtaa chini ya NHS. Ya homa ya matumbo ichomwe angalau wiki 2 kabla, na inashika miaka 3 tu, kwa hivyo ile ya safari ya 2019 isikudanganye. Ya homa ya manjano unalipia, tena kwenye kituo kilichoidhinishwa.

Dawa ya malaria pia ni ya kulipia, na hapo ndipo watu wanapoanza kubana matumizi. Inayotumika sana ni vidonge vya atovakuoni na proguanili. Mtu mzima anaanza siku 2 kabla, anakunywa kimoja kila siku akiwa huko, halafu siku 7 baada ya kurudi. Kwa familia yetu ni 2 na 21 na 7, yaani vidonge 30 kwa kila mtu mzima. Mtoto anapimwa uzito, si umri, na ana vidonge vyake vidogo. Kinywewe pamoja na chakula au maziwa, kwani bila mafuta mwili unakipokea vibaya; ukitapika ndani ya saa moja, rudia. Doksisaiklini ni rahisi zaidi, ila inataka wiki 4 baada ya kurudi na haifai kwa aliye chini ya miaka 12 wala mjamzito. Kosa kubwa ni kuacha siku ya kutua Heathrow. Zile siku 7 za mwisho ndizo zinazoua vimelea ulivyochukua kwa mbu wa usiku wa mwisho, ambavyo bado vimejificha kwenye ini.

Mkoba wa dawa uwe mdogo. Kipimajoto, parasetamoli (ya maji kwa mtoto), plasta, dawa ya kupaka ya mbu yenye DEET 50% na pakiti za chumvi za kuharisha. Kama kuna krimu ya jua, itangulie, ya mbu ijuu yake. Pakiti za chumvi zisome: nyingi za London zinachanganywa na mililita 200 za maji, na za kwetu mara nyingi ni za lita nzima. Ukikosea, unampa mtoto anayeharisha maji ya chumvi kali. Ibuprofeni na aspirini ziacheni kwa homa ya huko, kwa sababu ya dengi, ambayo zinaweza kuizidishia kutoka damu. Na anayeshuka Dubai kusalimia jamaa akague vidonge vyake vya maumivu: vyenye kodeini vinauzwa dukani hapa, lakini Imarati vinataka kibali.

Homa ya malaria kwa kawaida haitokezi kabla ya wiki moja tangu kuumwa. Mara nyingi ni ndani ya miezi mitatu, na inaweza kuchelewa hata mwaka, huku mgonjwa akidhani ni mafua ya baridi ya Oktoba. Mwenye homa asingoje miadi ya wiki ijayo. Aende hospitali siku ile ile, kwa watu wa Queensbury Northwick Park haiko mbali, na neno la kwanza mlangoni liwe, "Nilikuwa Afrika Mashariki, nataka kipimo cha malaria." Kipimo kikirudi safi na homa ipo, kirudiwe kesho yake, kwani vimelea vikiwa vichache kipimo cha kwanza kinaweza kuvikosa.