Kitabu cha mkulima kipimwe shambani kwanza

Familia iliyohamishwa kwa sababu ya machimbo inaweza kupata shamba jipya na isijue udongo wake. Mama aliyeacha shule ya msingi katikati anahitaji kitabu, lakini si kila kitabu cha kilimo kitamsaidia.

Vitabu vyepesi vipo tangu zamani. INADES ya Abidjan ilitunga masomo ya kilimo kwa Kifaransa chepesi, na miaka ya 1970 FAO ikayatoa tena kama vitabu vidogo vyenye michoro. Ubora wa kitabu cha namna hiyo ujulikane hivi: mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, na mama afanye kazi yake palepale, bila agronome kuongeza neno.

Chukua ukurasa wa udongo. Mama anachimba urefu wa kiganja, anachukua udongo wa mkono mmoja, anatoa mawe, anautilia maji kidogo na kuuviringisha uwe mwembamba kama kalamu. Ukikataa kushikana, ni wa mchanga: maji yanapita haraka na kubeba mbolea, basi mbolea itiwe kidogo kidogo. Ukishikana lakini ukapasuka anapoukunja, umechanganyika vizuri. Ukikunjika kuwa pete bila kupasuka, ni wa mfinyanzi: maji yatasimama, na atapanda juu ya matuta. Akizidisha maji, kila udongo utaonekana tope, na ukiwa mkavu mno hata mfinyanzi utavunjika. Kitabu kisichosema hayo kitampotosha. Tena apime sehemu tatu au ine za shamba, si moja.

Ukurasa wa kupanda nao usidai hesabu ngumu. Kamba yenye fundo kila sentimita 50 inatosha, na fimbo ya sentimita 80 kutenga mistari. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 kinapata karibu mashimo 250. Kwa mbegu mbili kila shimo, ni mbegu 500, yaani kama gramu 150 za mahindi. Mama anajua kiasi cha kununua mbele ya mvua za Novemba, na hapotezi pesa.

Lakini vitabu vilivyoandikwa mbali na Lualaba vina pengo moja. Mkono hauwezi kuhisi kobalti. Uchunguzi uliofanywa Katanga ulikuta metali ndani ya udongo na mboga za karibu na machimbo. Mboga zisipandwe juu ya mabaki ya mgodi wala mahali maji yake yanapopita, na majani yaoshwe vizuri kuondoa vumbi. Kuosha hakuondoi metali iliyokwisha kuingia kwa njia ya mizizi.

Wanaotaka kugawa vitabu kwa familia hizi waongeze ukurasa huo kwa Kiswahili, na mama mmoja aujaribu shambani kabla haujachapwa.