Shahidi Aliyeikana Kauli Yake

Ghala moja la vyakula vya mifugo, lililo kando ya barabara ya Naivasha hapa Uthiru, ambalo sitalitaja kwa kuwa waliodhulumiwa ndani yake bado wanapanda matatu moja na waliowadhulumu, hivi majuzi lilibandika waraka mfupi ukutani kuwaarifu wafanyakazi kwamba uchunguzi wa magunia yaliyopotea umefungwa kwa kukosa ushahidi, maadamu mashahidi wote wawili wameondoa kauli zao kwa hiari. Uamuzi huo ni batili tangu msingi wake. Shahidi anapoikana kauli yake katikati ya uchunguzi, kule kuikana kwenyewe ni jambo jipya linalostahili kuchunguzwa, wala si mlango wa nyuma wa kumtolea mwenye ghala aliyechoka na kesi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Bawabu wa usiku, mtu mzima mwenye watoto wa shule, aliona gari likipakiwa magunia baada ya mizani kufungwa. Na karani wa stoo, binti aliyeajiriwa kwa mkataba wa mwezi hadi mwezi, aligundua kwamba hati ya kutolea mzigo iliyoandikwa siku hiyo haikulingana na hesabu ya kitabu chake. Wote wawili wakaandika kauli zao na kutia sahihi. Msimamizi wa ghala, ambaye ndiye aliyetuhumiwa, hakusimamishwa kazi hata siku moja, na yeye ndiye aliyeendelea kupanga zamu za hao waliomtolea ushahidi. Siku chache baadaye akamkuta bawabu langoni akamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Mzee, wewe una watoto shuleni, ya nini kuharibu kazi kwa maneno ya watu?" Naye karani akapata ujumbe wa simu kutoka kwa nambari asiyoijua, ukimuuliza kama bado anapita njia ile ile ya Kangemi jioni. Kabla ya juma la pili kwisha, bawabu akahamishiwa lango la mbali, karani akaambiwa mkataba wake utaangaliwa upya, na zile kauli mbili zikaondolewa kwa barua zilizofanana neno kwa neno, hata kosa la tahajia likiwa mahali pamoja.

Wanaoutetea uamuzi huu husema kwamba mtuhumiwa ana haki zake, na ni kweli. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua, kisha amsikilize. Husema pia kwamba kumsimamisha mtu kabla ya kupatikana na hatia ni kumwadhibu mapema. Hili nalo lina jibu jepesi: asimamishwe kwa mshahara, au ahamishiwe kazi isiyompa mamlaka juu ya mashahidi, na hakuna aliyeadhibiwa. Na wapo wanaohofu kwamba mashahidi watazua vitisho visivyokuwapo. Watazua, baadhi yao. Ndiyo maana twachunguza.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo waajiri wenye hila wanalijua vizuri, ni kwamba shahidi wa uchunguzi wa kazini amesimama mahali penye kinga haba. Kifungu cha 117 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomwadhibu anayewazuia mashahidi, kimekusudiwa mwendo wa haki wa mahakama, si kikao cha afisa wa wafanyakazi katika chumba chenye kabati la mafaili. Shirika la Kuwalinda Mashahidi nalo halikuundwa kwa ajili ya bawabu aliyehamishwa lango. Sheria ya Hongo ya 2016 ina kifungu cha 21 kinachomtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi mwaka 1, anayemtisha au kumhamisha mtu kwa sababu ya kutoa habari au ushahidi. Walakini sharti jambo lenyewe liwe la hongo, na magunia yaliyoibwa si lazima yawe hongo. Hata kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira, kinachokataza kumfukuza mtu kwa kuwa amemlalamikia mwajiri wake, hakimtaji shahidi aliyeitwa kueleza aliyoyaona juu ya mfanyakazi mwenzake. Kinachobaki wazi ni kifungu cha 238 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho chamhesabu kuwa mkosaji, na kumwandalia kifungo cha hadi miaka 3, yeyote anayetishia kumdhuru mwingine kinyume cha sheria, katika mwili, sifa au mali, kwa nia ya kumtia hofu au kumzuia kutenda lililo haki yake.

Kwa hiyo kila kitu chategemea maandishi, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ghala letu liliposhindwa.

Kitisho cha kazini aghalabu hakiji na rungu. Huja kama nasaha, huja na jina la heshima, na hutamkwa na mtu anayetabasamu, hata akiulizwa kesho atasema kwamba alikuwa akimshauri mzee wake. Mchunguzi mvivu akiandika katika daftari lake kwamba shahidi "alitishwa", ameandika rai, na rai hupingwa kwa rai nyingine. Lakini akiandika maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, yawe ya Kiswahili, Kikikuyu au Sheng, pamoja na siku, saa, mahali waliposimama, nani alikuwa karibu, na lipi lilitokea kabla na baada yake, basi ameweka jambo ambalo mtu wa tatu aweza kulipima. "Una watoto shuleni" peke yake ni maneno matupu. "Una watoto shuleni", yaliyosemwa langoni usiku na mpangaji wa zamu, baada ya kauli kutiwa sahihi, na yakafuatwa na uhamisho, ni dalili inayohitaji kujibiwa. Uzito wa kitisho umo katika mpangilio wa tarehe kuliko katika ukali wa maneno, na mpangilio huo haupatikani kwa kukumbuka baada ya miezi sita. Bawabu alipaswa kuandika usiku ule ule, kwa mkono wake, katika karatasi iliyo yake na si katika kitabu cha lango ambacho msimamizi aweza kukichana, kisha asubuhi ampelekee mwenyekiti wa uchunguzi nakala na kubaki na nyingine iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Na mwenyekiti akikataa kugonga mhuri, basi kukataa huko nako kuandikwe, kwa saa yake.

Ujumbe wa simu una adabu zake. Karani alimwonyesha afisa wa wafanyakazi picha ya skrini, kisha akaufuta ujumbe kwa hofu, na afisa akaridhika. Picha ya namna hiyo hupingwa kwa urahisi, hasa ikionyesha jina lililohifadhiwa badala ya nambari kamili. Ujumbe wenyewe ubaki ndani ya simu, nambari ionekane pamoja na tarehe na saa, na simu isiuzwe wala kufutwa hadi jambo liishe. Kwa sababu likifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi chataka maandishi ya kielektroniki yaliyochapwa yaambatane na hati ya kuthibitisha jinsi yalivyotolewa na kwa chombo gani. Tena ujumbe wenye kuashiria kudhuriwa njiani haukuwa jambo la afisa wa wafanyakazi peke yake. Ulistahili kuripotiwa polisi siku ile ile, na binti yule angeondoka kituoni na nambari ya OB mkononi, nambari ambayo angeitaja katika kila barua baada ya hapo.

Sasa nauliza: barua mbili za kuondoa kauli, zenye kosa moja la tahajia, zilimfikia mwenyekiti wa uchunguzi, naye akazifanyia nini? Akazitia katika faili na kulifunga. Hakumwita bawabu peke yake, mbali na ghala, kumuuliza ni nani aliyemwandikia barua ile. Hakuilinganisha tarehe ya barua na tarehe ya uhamisho, ilhali karatasi zote mbili zilikuwa juu ya meza yake. Hakulifungulia suala la vitisho faili la pili, lenye mchunguzi asiyekuwa chini ya msimamizi yule, ambalo lingeendelea hata kama la magunia lingekwama. Wala hakukumbuka kwamba hati ya kutolea mzigo na kitabu cha stoo havikuandika barua ya kujiondoa! Kauli ya kwanza haifutiki kwa kukanwa. Hubaki katika faili pamoja na ile ya pili, na kazi ya mchunguzi ni kueleza kwa maandishi ni ipi aliyoisadiki na kwa nini. Asiyefanya hivyo hakukosa ushahidi, bali ameukimbia.

Wala asituambie mtu kwamba haikujulikana njia ya kumlinda shahidi bila kumnyima mtuhumiwa insafu. Huko Uingereza, katika kesi ya Linfood Cash and Carry dhidi ya Thomson iliyochapishwa 1989, mahakama ya rufani ya mambo ya ajira ilieleza mwendo wa kufuata pale ambapo mtoa habari anaogopa kujulikana. Kauli yake iandikwe kwa ukamilifu kwanza, kisha ndipo ionekane lipi la kufichwa. Itajwe tarehe, saa na mahali, na kama kweli aliweza kuona vizuri kutoka alipokuwa. Iulizwe kama ana kisasi na mtuhumiwa. Utafutwe ushahidi mwingine wa kuitia nguvu. Atakayeamua kesi azungumze naye mwenyewe, apime kama hofu yake ni ya kweli. Na mtuhumiwa apewe kauli hiyo, ikiwa imeondolewa yale tu yanayomfichua shahidi. Mtuhumiwa akiwa na swali, kikao kiahirishwe, shahidi akaulizwe pembeni, jibu lirudishwe. Kifungu chetu cha 41 hakisemi popote kwamba shahidi sharti asimamishwe uso kwa uso na anayemwogopa. Mwendo huo una kikomo, naam: katika ghala lenye bawabu mmoja wa usiku, kuficha jina hakufichi mtu, na hapo dawa pekee ni kumwondoa mtuhumiwa katika upangaji wa zamu tangu siku ya kwanza.

Nairobi ina kumbukumbu yake katika jambo hili. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, alivujisha karatasi zilizofichua malipo ya Goldenberg. Mwaka wa 1993 alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, na ijapokuwa mashtaka yaliondolewa, kazi yake hakurudishiwa. Ilibidi angoje Tume ya Jaji Bosire, iliyoundwa 2003, ndipo asikilizwe kama shahidi na si kama mhalifu. Naye akafariki 2006. Karatasi alizozitoa ndizo zilizodumu. Tangu hapo miswada ya kuwalinda watoa habari imeingia bungeni na kutoka, na wenye maghala wameisoma ishara hiyo.

Karani wa ghala letu hakuongezewa mkataba. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Ajira kinampa aliyefukuzwa isivyo haki miezi 3, kuanzia siku ya kufukuzwa, kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi, na kifungu cha 49 chamwezesha kulipwa hadi mishahara ya miezi 12. Kama yeye, au mwingine aliye katika hali yake, anasoma haya, na aandike leo yote anayoyakumbuka kwa mpangilio wa tarehe, aiweke simu ile salama, na aende kwa afisa wa kazi kabla ya wiki hii kwisha.