Tuache "Umenitupa Shoga", Tuseme Tunalotaka

Sisi wanawake wa visiwani tuna tabia moja: upweke ukitubana hatuusemi, tunaugeuza lawama. "Shoga umenitupa!" "Siku hizi umeadimika!" Au tunaweka fumbo kwenye stetasi, tukingoja ajijue. Halafu tunasema kuomba waziwazi ndiko kujidhalilisha. Si kweli! Lawama ndiyo inayochosha, maana inamlazimisha mwenzetu ajitetee: "Watoto walikuwa wanaumwa." Tunaishia kwenye udhuru, kuonana hakuna.

Ombi la wazi lina mambo matatu: hali yetu, jambo dogo lenye siku yake, na nafasi ya yeye kukataa. Mfano: "Shoga, tangu nihamie Fuoni najihisi mpweke, mazungumzo yetu nayakosa. Jumamosi baada ya alasiri nije kwako tunywe chai? Kama una shughuli, nambie siku nyengine."

Basi, hapo tunyamaze. Tusitume "mbona kimya?" usiku ule ule. Akisema hawezi lakini akataja siku nyengine, bado anatutaka. Akikataa mara tatu bila ya kutaja siku, tusimng'ang'anie. Salamu zibaki, chai tukanywe na mwengine.