Mwanao anatunga hadithi? Mwambie alisikilize jina la shujaa

Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, alinitumia picha ya daftari la bintiye wa darasa la sita. Binti anatunga hadithi ya nchi ya kufikirika, yenye milima inayotembea na ziwa linaloongea. Shujaa wake anaitwa Jessica. Mama akauliza, je, amwache?

Jessica si jina baya, ila halimwambii msomaji lolote kuhusu nchi hiyo. Katika hadithi za namna hii jina linaweza kufanya kazi tatu kabla shujaa hajafungua mdomo: kudokeza tabia, anakotoka, na watu wake.

Tuanze na tabia. Mwaka 1929 mtaalamu wa lugha, Edward Sapir, aliwapa watu maneno mawili yasiyo na maana, "mal" na "mil", akawaambia yote ni majina ya meza. Ipi ni kubwa? Wengi walisema "mal". Mwanasaikolojia Wolfgang Köhler naye aliwaonyesha watu michoro miwili, mmoja wa mviringo na mwingine wenye ncha kali, na majina mawili, "maluma" na "takete". Wengi walimpa mviringo jina la maluma. Jaribu na watoto wako jioni hii. Sauti za t na k hukatika ghafla mdomoni, za m na l huteleza, na a hufungua kinywa kuliko i. Huu ni mwelekeo tu, maana wapo watakaojibu kinyume, na jina kali halimfanyi mhusika mwoga awe jasiri.

Kwa ukoo, mifano tunayo nyumbani. Wajaluo humwita mvulana aliyezaliwa usiku Otieno na msichana Atieno. Wa mchana ni Ochieng na Achieng. Herufi moja ya mwanzo inatenga kaka na dada, na sehemu inayobaki inasimulia kuzaliwa kwao. Mwandishi J.R.R. Tolkien alifanya jambo la karibu na hilo kwa watu wake wa Rohan, akitumia Kiingereza cha kale. Baba ni Éomund, mama ni Théodwyn, binti yao ni Éowyn: mwanzo wa baba, mwisho wa mama.

Basi turudi kwenye daftari. Shujaa wa binti huyu ana baba wa milimani na mama wa ziwani. Ni mdogo wa umbo, mbishi. Nilimshauri mama wachague kwanza sauti chache kwa kila upande, wasikimbilie jina. Milimani wakachukua k na t, na ukoo wa baba ukaanza na Kat-: babu Katendo, baba Katubi. Ziwani wakachukua m, l na w, majina yakaishia na -lowa: mama Milowa, mjomba Yalowa. Shujaa akawa Katilowa. Walijaribu pia Katalowa, lakini binti akasema huyo anasikika kama mtu mnene. Ile i ya katikati ilimpunguza umbo.

Hapo wakagundua mambo mawili. Kulowa ni kupata maji, na ndani ya jina kuna "kati", jambo linalomfaa mtoto wa pande mbili. Hiyo ilikuwa bahati. Mara nyingi mambo huwa kinyume, jina zuri la kubuni likawa tusi kwa lugha ya jirani, kwa hiyo lisemwe kwa sauti mbele ya watu wa lugha mbalimbali.

Tatizo la mbinu hii ni kwamba majina ya ndugu hufanana mno. Babu Katendo na baba Katubi wakikaa kwenye ukurasa mmoja, msomaji huwachanganya. Dawa ni kuwaacha wawili watatu tu wenye mwanzo huo, na mmoja wao aitwe kwa cheo, kwa mfano Babu. Kisha mpe mdogo wake binti asome ukurasa mmoja kwa sauti. Akikwama kwenye jina mara mbili, lifupishwe. Muulize pia anamwona shujaa akoje, kabla hajasoma maelezo yake.

Kilichonisumbua zaidi kwenye daftari lile ni mwovu. Jina lake lilianza kama yanavyoanza majina ya kabila la rafiki wa binti, anayekaa naye dawati moja, na askari wake wote vilevile. Binti hakukusudia, aliona tu kwamba sauti hiyo "inatisha". Lakini rafiki angesoma, angesikia jina la babu yake likiwa upande wa wala watu. Mama alimwuliza tu: unamjua nani mwenye jina kama hili? Binti akanyamaza, akachukua kifutio.

Mwovu sasa anaitwa Gorumbo. Tumelilinganisha na majina ya watu wote tunaowajua, hatujapata wa kufanana naye.