Picha umeilipia, lakini ni ya nani?

Tuchukue mfano wa mama anayesaga karanga hapa Kanduyi. Siagi yake inapendwa, na sasa anataka picha nzuri za chupa zake pamoja na video ya dakika moja. Anamwita kijana mpiga picha kutoka Kitale, anayejitegemea, asiyeajiriwa na studio yoyote. Wanapatana bei kwa simu, kijana anafika, anafanya kazi, analipwa na kupanda matatu kurudi kwao.

Miezi sita baadaye mama anaitundika picha moja kwenye bango kubwa kando ya barabara. Kijana anapiga simu: "Mama, habari ya bango hatukupatana." Mama naye anashangaa: "Si nilikulipa, mwanangu?" Je, nani ana haki?

Wengi hudhani kwamba mwenye kamera ndiye mwenye picha daima. Ndivyo ilivyo kwa kawaida kule Marekani, na mashauri mengi tunayosoma hutoka huko. Kenya ni tofauti. Kwa mujibu wa kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki huanza kwa aliyeitengeneza kazi. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu, haki hiyo huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa kama wawili hao walikubaliana vingine. Kwa hivyo, hapo walipokaa kimya, mama ndiye mwenye nguvu.

Hata hivyo, mama asishangilie mapema. Tuseme kijana alimuuzia pia picha ya shamba la karanga aliyoipiga mwaka uliotangulia. Hiyo haikuagizwa, kwa hivyo ni ya kijana. Kuihamisha haki yake kunahitaji maandishi yenye sahihi ya kijana mwenyewe. Bila hayo, mama ana ruhusa ya kuitumia tu, kwa kadiri walivyopatana.

Kijana naye, akitaka kubaki na hakimiliki, sharti aseme kabla ya kazi kuanza. Karatasi moja yatosha. Iandikwe picha zitatumika wapi, kwa muda gani, na kama kijana anaweza kuziuza kwa mtu mwingine. Jambo hili la mwisho lina uzito: mama hatapenda kuiona chupa ile ile, imefunikwa jina, katika tangazo la mshindani wake wa Bungoma mjini.

Ada nayo ihesabiwe kwa vipande. Tuseme, kwa mfano tu, siku moja ya kazi ni shilingi 12,000, kusafisha picha 15 kwa shilingi 200 kila moja ni 3,000, video ni 8,000, nauli na chakula 1,500. Jumla ni shilingi 24,500. Nusu, yaani 12,250, ilipwe kabla ya siku ya kazi, na nusu ya pili picha zinapokabidhiwa. Kijana akiwa amebaki na hakimiliki, bei hiyo iwe ya lebo na kurasa za simu kwa miaka 2, na bango liongezwe kwa shilingi 6,000. Mama akitaka haki zote bila mpaka, aseme mapema na bei ipande kwa haki.

Waandike pia idadi ya picha zitakazokabidhiwa na marekebisho mangapi yanaingia katika bei hiyo. Ugomvi mwingi huzuka mteja anapodai kila kitu kilichomo ndani ya kamera, pamoja na picha ambazo hazijasafishwa, ilhali mpiga picha alihesabu 15 tu.

Mwisho, wasiwasahau wanaoonekana. Msichana anayesaga karanga katika video ana haki juu ya sura yake, hata kama picha ni ya mama. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja nayo ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Kwa hivyo kila mfanyakazi atie sahihi akijua picha itakwenda wapi, na kwa mtoto atie mzazi.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi hiyo itolewe nakala mbili, moja ibaki Kanduyi na nyingine iende Kitale, nayo itiwe sahihi kabla kamera haijatolewa mkobani.